Kutoka "BD 5/7" hadi lebo ambayo bibi hatakosea

*"Nauza kwenye duka la dawa muhimu Tandahimba. Mama aliniletea cheti cha mtoto wa miaka miwili kimeandikwa mbiombio. Juu ya chupa ya amoksilini nikaandika 2x2, juu ya parasetamoli 1½x3. Siku ya tatu asubuhi akarudi, chupa ya amoksilini tupu. Kumbe bibi yake alikuwa anapima na kijiko cha kulia wali. Nifundisheni namna ya kuigeuza karatasi kama hii kuwa lebo ambayo hata bibi akiachiwa mtoto hatakosea. Nyumbani kwao hakuna friji. Kadi ya kliniki inasema kilo 12."*

Kabla ya lebo, tumalize habari ya mtoto. Kijiko cha kulia wali hubeba mililita 10 na zaidi, siyo 5. Vijiko viwili mara mbili ni mililita 40 kwa siku, na chupa ya mililita 100 inaisha kwa dozi tano badala ya kumi. Ndiyo hesabu ya asubuhi ya siku ya tatu. Amoksilini maradufu kwa siku mbili aghalabu huishia kwenye kuharisha. Parasetamoli ndiyo ya kuulizia haraka. Kama kijiko kilikuwa kilekile, moja na nusu ni mililita 15. Kwenye dawa ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni miligramu 360, na mara tatu kwa siku inafika 1080. Kwa mtoto wa kilo 12 ni miligramu 90 kwa kila kilo kwa siku, wakati kikomo cha kawaida ni kama 60. Muulize mama alipewa mara ngapi na kwa siku ngapi. Akisema ilitolewa hivyo tangu siku ya kwanza, simamisha parasetamoli na umpeleke mtoto kituo cha afya leo hii, hata kama anacheza. Ini likiumizwa na dawa hii halionyeshi dalili siku ya kwanza. Na hata ikiwa parasetamoli ilipimwa sawa, mpigie tabibu aliyeandika cheti aamue amoksilini iendeleeje, maana mtoto amebaki bila dawa kabla ya siku tano.

Sasa cheti. Kwa ulivyoeleza, kilikuwa karibu na hivi:

```
2 yrs
Syr Amoxy 500mg BD 5/7
Syr PCM 180mg TDS prn 3/7
```

Mistari mitatu, na kila mmoja una kitu cha kumponza msomaji. Tabibu ameandika kwa lugha ya tabibu mwenzake. Kazi yako ni kuifasiri, siyo kuinakili. Ukiandika 2x2 umeondoa ufupisho wa Kilatini ukaweka ufupisho wa kwetu, na wa kwetu una mtego wake. Wewe unasoma "viwili mara mbili kwa siku". Lakini 2x3 mwingine huisoma "mara mbili, vitatu vitatu", na hakuna kitu kwenye karatasi kinachomwambia ipi ndiyo. Zaidi ya hapo, namba ya kwanza haisemi viwili nini. Bibi hakukosea kusoma. Aliona 2, akatafuta kijiko, akakipata kile alicho nacho.

Tuanze na miligramu. Cheti kimesema 500, na mtoto hanywi miligramu, anakunywa mililita. Hapo lazima uichukue chupa mkononi usome nguvu yake, maana amoksilini ya unga ya watoto iko ya miligramu 125 kwa mililita 5 na ya miligramu 250 kwa mililita 5, na mara nyingi makopo yanafanana kama mapacha. Gawanya dozi kwa nguvu, zidisha kwa 5. Kwa chupa ya 250, ni 500 gawanya kwa 250, mara 5, sawa na mililita 10. Kwa chupa ya 125 ni mililita 20, na hapo chupa moja ya mililita 100 haitoshi, utahitaji mbili. Ukikaririshwa kwamba "amoksilini ni vijiko viwili" halafu bohari ikakuletea ile ya 125, mtoto atapata nusu dozi na wewe hutajua.

Halafu ipime dozi yenyewe dhidi ya uzito. Kwa nimonia ya mtoto isiyo kali, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kama miligramu 40 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Kilo 12 mara 40 ni 480, kwa hiyo 500 imekaa mahali pake. Cheti kisipokuwa na uzito, angalia kadi ya kliniki au mpime mtoto hapohapo dukani. Umri peke yake haufai, kwani watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kupishana kilo tatu au nne.

Inafuata "BD", yaani mara mbili kwa siku. Kwenye mwandiko wa haraka, B isiyofungwa vizuri inafanana na O, na OD ni mara moja kwa siku. Hapa tumia ushahidi wa mezani kwanza. Amoksilini hutoka mwilini upesi, ndiyo maana kuiandika mara moja kwa siku si kawaida. Pia hesabu ya mililita 10 mara mbili kwa siku tano inatoa 100 kamili, chupa moja. Ushahidi huo unaelekea BD. Lakini kuelekea siyo kujua. Kama herufi haisomeki, mpigie tabibu, na usimuulize "ni BD, siyo?" kwa sababu mtu mwenye foleni mlangoni atajibu "eee" kwa lolote. Muulize: "Amoksilini ya huyu mtoto umeandika mara ngapi kwa siku?" Akijibu, andika jibu pembeni ya cheti pamoja na saa na jina la uliyeongea naye. Simu isipopatikana na herufi haisomeki, dawa haitoki. Bora mama asubiri nusu saa kwenye benchi.

"5/7" ni siku tano: namba ya chini ni siku saba za wiki. Ikiwa ya chini ni 52 ni wiki, ikiwa 12 ni mwezi. Ukiinakili kwenye bahasha, mama atasoma siku tano hadi saba, na wapo watakaosoma tarehe tano mwezi wa saba. Lebo iseme siku 5, halafu itaje dozi ya kwanza na ya mwisho kwa jina la siku. Tuseme dawa inaanza jioni ya Jumatatu, 10 Novemba. Dozi ni kumi. Jumatatu jioni moja, Jumanne hadi Ijumaa mbili mbili zinakuwa nane, jumla tisa, na ya kumi ni Jumamosi asubuhi. Usipotaja siku, anayeanza jioni huhesabu Jumatatu kuwa siku nzima na kusimama Ijumaa, na dozi moja inabaki kwenye chupa ikisubiri mtoto mwingine akohoe.

Saa ndiyo sehemu ninayoona inakosewa zaidi, na kosa ni la kwetu Waswahili tu. Kwa dawa ya mara tatu, wengi huandika "kila saa 8". Mtoa dawa anamaanisha zipite saa nane. Mama anasoma kila inapofika saa nane, yaani mchana, na anampa mara moja kwa siku. Tena ukiandika 8:00, mmoja atasoma saa mbili kama simu yake inavyoonyesha, mwingine saa nane. Andika saa ya Kiswahili pamoja na kipande cha siku, kila mara: saa 1 asubuhi, saa 1 jioni. "Mara mbili kwa siku" peke yake haitoshi pia, kwa sababu wapo wanaotoa asubuhi na mchana ili usiku walale, na mtoto anakaa zaidi ya saa kumi na sita bila dawa. Kwa nyumba isiyo na saa ya kutegemea, mwambie kwa mdomo: baada ya adhana ya Alfajiri na baada ya Magharibi. Hazigawani sawasawa, lakini zinakaribia kiasi cha kutosha kwa dawa hii.

Parasetamoli ina "TDS prn 3/7": mara tatu, ikihitajika, siku tatu. Neno "ikihitajika" ndilo lililopotea ulipoandika 1½x3. Angalia kwamba chupa hizi mbili zinamwagiza mama mambo yanayopingana. Moja aimalize hata mtoto akipona, nyingine aiache homa ikiisha. Zikibeba maandishi ya aina moja, ama atamaliza zote ama ataacha zote. Kwa hiyo lebo ya parasetamoli ianze na sharti, si na kipimo: "akiwa na homa au maumivu tu". Iseme zipite saa 6 kabla ya kurudia, isizidi mara 3 kwa siku, isizidi siku 3. Kipimo chake ni 180 gawanya kwa 120, mara 5, mililita 7.5. Nusu hiyo haipimiki kwa kijiko cha nyumbani.

Ndiyo maana kijiko kitoke kabisa kwenye lebo zako. Toa sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano, au kikombe kidogo cha kupimia kinachokuja na chupa. Kwa amoksilini, sirinji hiyo ijazwe mpaka mstari wa 10. Kwa parasetamoli, chora mstari wa kalamu ya wino usiofutika penye 7.5. Kama unazo mbili, toa mbili, kila moja ifungwe kwa raba kwenye chupa yake. Sirinji moja yenye alama mbili ni kumrudisha bibi kwenye kubahatisha.

Kwa mtoto huyu, lebo ya amoksilini ingesomeka hivi. Jina la dawa nimelinakili herufi kwa herufi kama lilivyochapwa kwenye chupa, ili akipelekwa hospitali usiku wajue alikuwa anatumia nini:

```
Mtoto: (jina kamili), kilo 12
AMOXICILLIN 250 mg/5 ml, dawa ya maji

Mpe mililita 10 (sirinji mpaka mstari wa 10)
Mara 2 kwa siku: saa 1 asubuhi na saa 1 jioni
Siku 5: Jumatatu 10 Nov jioni
        hadi Jumamosi 15 Nov asubuhi
Maliza dozi zote hata akipona.

TIKISA kabla ya kumpa.
Weka mahali pa baridi, mbali na jua. Usigandishe.
Imechanganywa 10 Nov. MWAGA baada ya 17 Nov.
Duka na simu: ..............
```

Na ya parasetamoli:

```
Mtoto: (jina kamili), kilo 12
PARACETAMOL 120 mg/5 ml, dawa ya maji

AKIWA NA HOMA AU MAUMIVU TU
Mpe mililita 7.5 (sirinji mpaka mstari wa kalamu)
Zipite saa 6 kabla ya kumpa tena
Isizidi mara 3 kwa siku, isizidi siku 3
Usimpe pamoja na dawa nyingine
yenye parasetamoli.
Weka mbali na jua na watoto.
Duka na simu: ..............
```

Hakuna zaidi. Kuna wanaojaza kwenye lebo madhara yote, mzio, nini afanye akitapika. Hayo yaseme kwa mdomo: akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi, akitoka vipele, akivimba uso au akipumua kwa shida, aache dawa akimbilie kituo. Lebo iliyojaa haisomwi, na kitakachorukwa ni kipimo.

Mstari wa kuhifadhi kwa Mtwara na Lindi unahitaji akili yake. Unga wa amoksilini ukiwa haujachanganywa unavumilia. Ukishaingia maji, dawa inaanza kuvunjika polepole, na joto linaiharakisha. Muda wa kuishi baada ya kuchanganya unaandikwa kwenye boksi, na viwanda havifanani: wengine siku 7, wengine 14, na wapo wanaotaka friji. Soma boksi la chupa uliyoishika, usitegemee la mwezi jana. Tarehe ya kumwaga niliyoweka hapo juu inafuata boksi la siku 7.

Boksi likisema chini ya nyuzi 25, mwezi wa Novemba ndani ya nyumba ya bati mchana hupati hizo nyuzi 25. Watu wengi husema "weka karibu na mtungi", na ni ushauri mzuri kwa kiasi. Mtungi hupoa kwa sababu maji yanayotoka kwenye udongo yanakauka. Huko Tandahimba na Newala juu, au Nachingwea, hewa ikiwa kavu unapoa vizuri. Mikindani au Kilwa, hewa nzito ya bahari haikaushi maji haraka, na mtungi hupoa kidogo tu. Njia ya nyumbani ni kuisimamisha chupa iliyofungwa vizuri ndani ya bakuli la udongo lenye maji ya kina cha vidole vitatu, kwenye kona ya chini isiyopata jua, maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Isitumbukizwe ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, na isiwekwe dirishani, juu ya kabati karibu na bati, wala jikoni. Dawa ikibadilika kutoka rangi yake kuwa ya kahawia au harufu ikageuka, imwagwe hata kama tarehe haijafika. Lakini isipobadilika, hiyo si hakikisho kwamba ina nguvu.

Kwa familia isiyo na friji, boksi likidai friji, mimi nisingeitoa kabisa. Mpigie tabibu umwombe aruhusu vidonge vya kuyeyuka vya miligramu 250, ambavyo ndivyo vinavyopendekezwa kwa nimonia ya watoto. Mtoto wa kilo 12 hupewa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, vimeyeyushwa kwenye maji kidogo safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kwa siku tano. Jumla ni vidonge 20 vikiwa kwenye foili yake. Lebo inakuwa nyepesi: "vidonge 2, yeyusha, mpe vyote vilivyomo kikombeni". Usivitoe kwenye foili ukavitia bahashani, unyevu wa pwani utavimaliza. Ruhusa ya tabibu ni lazima hata kama miligramu hazijabadilika, na nayo iandike kwenye cheti.

Ukitoa ya maji, changanya wewe mwenyewe dukani. Gonga chupa unga ulegee, tia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka karibu nusu ya alama, tikisa mpaka kusiwe na donge chini, kisha jaza mpaka alama na utikise tena. Povu likitulia, maji yakiwa chini ya alama, ongeza. Anayemimina maji yote kwa mkupuo hubakiwa na unga ulioganda kitakoni: dozi za mwanzo zinakuwa hafifu na za mwisho kali. Kwa kesi hii chupa ina mililita 100 na mahitaji ni 100, kwa hiyo mwonye mama kwamba dozi ya kumi inaweza kupungua kidogo kwa kilichogandia ukutani. Asiisuuze kwa maji mengi ili ifike, na asiibanie dozi za katikati.

Mwisho wa kazi, usiulize "umeelewa?" Kila mtu ameelewa. Mpe sirinji na glasi ya maji, mwambie: "Mama, nionyeshe utakavyompa leo jioni." Akivuta mpaka 10 na kutaja saa ya kesho, mpe mzigo. Akivuta mpaka 5, umepata kosa likiwa bado ni maji tu. Ukiweza kumweleza kwa Kimakonde, mweleze, lebo ibaki ya Kiswahili. Na kwa kuwa mtoto anaachwa kwa bibi, chora nyuma ya bahasha visanduku kumi, kimoja chenye jua linalochomoza na kinachofuata chenye jua linalozama, kuanzia na cha kuzama kwa sababu mnaanza jioni. Anayempa mtoto dawa anatia mkwaju kwenye kisanduku. Mama akirudi shamba jioni ataona kama dozi ya asubuhi imetoka, na hatampa mara ya pili kwa wasiwasi.